Shukrani kwa Watu Wawili

Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha Nkende, na barabara ya mbele ya duka la Mama Samira ilikuwa imegeuka uji mwekundu, pale Thadeo Nyamhanga alipofika akiwa amebeba viatu mkononi. Aliosha miguu kwenye dimbwi la kando, akaikung'uta mmoja mmoja, akavaa viatu, ndipo akabisha hodi. Viatu havikuwa vyake. Alikuwa ameviazima kwa jirani yake Rubeni kwa ajili ya usaili wa Jumanne, na alikuwa bado hajavirudisha kwa sababu moyoni aliona kama kuvirudisha ni kukiri kwamba safari imekwisha.

"Shikamoo, Mama Samira."

"Marahaba, Baba Kisyeri. Ingia, usisimame hapo kama mgambo. Vipi, wamekuita?"

"Hawajaita. Nimekuja kuwaandikia."

"Unawaandikia nini watu ambao hawajakujibu?"

"Shukrani."

Mama Samira akashusha miwani, akamtazama juu ya fremu. Jina lake hasa ni Mwajuma, lakini tangu binti yake azaliwe hakuna mtu wa Nkende aliyemwita hivyo isipokuwa watu wa benki. Alikuja Tarime kutoka Tanga na mumewe fundi cherehani, miaka ile dhahabu ilipokuwa ikiwaita watu kutoka kila upande na kila mwenye sindano au sufuria aliamini kuwa atapata cha kwake. Mume alikufa. Yeye akauza cherehani, akanunua kompyuta na mashine ya kopi, akarudia kazi aliyoifanya usichanani mwake, kupiga chapa katika ofisi ya wakili. Juu ya mlango aliandika kwa rangi ya buluu: TUNACHAPA, KOPI, BARUA PEPE, TUNASAHIHISHA. Neno la mwisho ndilo alilojivunia.

"Shukrani ni jambo jema," alisema. "Wengi wakishatoka kwenye usaili wanakwenda kunywa soda na kusubiri. Kaa. Andika mwenyewe kwanza, mimi nitapita nyuma yako."

Thadeo alikaa mbele ya kompyuta. Mikono yake ilikuwa mipana, vidole vimejaa makovu meupe ya mawe, na kila kitufe alikitafuta kama mtu anayetafuta shilingi kwenye majani. Alikuwa na miaka arobaini na kitu. Nusu ya hiyo aliimaliza chini ya ardhi upande wa Nyamongo, katika maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo yanayoshuka gizani mpaka mtu anasahau kama kuna mchana. Alitoka Susuni akiwa kijana mwembamba wa kidato cha nne, akiwaambia wazazi kuwa anakwenda kwa msimu mmoja tu. Msimu ulizaa msimu. Dhahabu ilimpitia mikononi ikaenda kwa wengine, kama maji yapitavyo kwenye mfereji bila mfereji kushiba. Kilichobaki kwake kilikuwa kifua kinachokwaruza, na magoti yanayoijua mvua kabla ya mawingu.

Miaka ya mwisho hakushuka tena. Mwenye duara alimweka juu, kwenye kibanda cha mabati, atunze kamba, tochi, magogo ya kuegemeza kuta, mafuta ya jenereta na baruti. Hapo ndipo Thadeo alipogundua kwamba ana kipaji. Alijua kila kamba kwa fundo lake. Hakuna aliyechukua kitu bila kutia sahihi, hata mwenye duara mwenyewe, ambaye alinung'unika lakini akatia. Duara lilipoporomoka na kufungwa, Thadeo alikaa nyumbani akilima kipande chake cha mihogo na kukohoa, mpaka Rubeni alipomletea habari kwamba kampuni moja inayohudumia kambi ya wafanyakazi wa mgodini, kuwapikia, kuwafulia na kuwafanyia usafi, inatafuta mtunza stoo.

Hakuiona kazi ile kama bahati. Aliiona kama kiti. Mtu aliyesimama muda mrefu hatamani kiti cha enzi, anatamani kiti tu.

"Nimemaliza," alisema baada ya muda mrefu.

Mama Samira hakusoma kwenye kioo. Alikuwa na mtindo wake: alichapa kwenye karatasi, akachukua kalamu nyekundu na rula, akaanza kusoma kutoka mstari wa chini akipanda juu.

"Mbona unasoma kinyumenyume?" Thadeo aliuliza.

"Nikisoma kutoka juu, maana inanibeba. Macho yanaona kinachopaswa kuwepo, si kilichopo. Nikianzia chini hakuna maana, kuna maneno tu. Kosa linabaki uchi."

Kalamu ilianza kutembea. Barua yenyewe ilikuwa hivi:

*Habari za reo ndugu Shamsudin na ndugu Hamim. Nashukulu sana kwa kunifanyia usajiri siku ya juma nne. Nilifurai kuona stoo yenu ilivyo pangwa. Kama nilivyosema nimewajibishwa stoo ya duara miaka sita na sijawai kupoteza kitu. Kazi hii imeniathiri sana. Nawaomba mnifikirie. Thadeo Nyamhanga.*

"Hii 'reo' ni 'leo'," alisema Mama Samira. "Na hii 'nashukulu' ni 'nashukuru'. Nyie wa huku mkiogopa kukosea ile r yenu, mnaitoa hata pale inapotakiwa."

"Mdomo wetu una mkataba na r, Mama Samira. Hatuwezi kuuvunja."

"Mdomo sawa. Karatasi haina mdomo. 'Nilifurahi' ina h, 'sijawahi' ina h. 'Jumanne' ni neno moja, na 'ilivyopangwa' vilevile. Sasa njoo hapa kwenye makubwa. 'Usajili' ni kuandikishwa, kama mtoto shuleni. Wao walikufanyia usaili."

"Si ni yale yale? Waliniandika jina mlangoni."

"Si yale yale. Na hapa, baba, umejichongea. 'Nimewajibishwa' maana yake ulikosa ukachukuliwa hatua. Unawaambia kwamba kwa miaka sita ulikuwa unaadhibiwa."

Thadeo alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Kwa mwenye duara yule, si uongo sana."

"Tuandike 'nilikuwa na jukumu la kutunza stoo'. Na hii ya 'imeniathiri' tuiondoe kabisa. Kinachokuathiri kinakudhuru. Ulitaka kusema imekuvutia." Alisita, kalamu ikiwa hewani. "Sasa hili si la herufi. 'Sijawahi kupoteza kitu.' Ndivyo ulivyowaambia?"

Thadeo alifikiri. "Hapana. Niliwaambia kuna kamba moja ilipotea, nikaandika kwamba imepotea, na siku ile ile nikamwambia mwenye duara."

"Basi andika hivyo. Barua ya shukrani isiseme tofauti na mdomo. Watu hawa wana maandishi ya ulichosema."

Alifanya kama alivyoambiwa. Mama Samira akaomba karatasi ya wito wa usaili, kwa sababu alikuwa na kanuni ya kutoamini jina lolote mpaka aliangalie lilivyoandikwa na mwenyewe. Thadeo aliitoa mfukoni, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Mama Samira aliinyoosha mezani, akaweka rula chini ya majina.

"Shamsudin, ofisa utumishi. Sawa. Hamim, msimamizi wa stoo. Sawa." Rula ikashuka. "Na Agustina, meneja wa huduma za kambi."

Thadeo alikuwa amegeuza uso, anaangalia barabarani, ambako mbuzi alikuwa akijaribu kuvuka matope bila kuchafua miguu.

"Baba Kisyeri. Walikuwa watatu."

"Walikuwa watatu."

"Hapa nimesoma wawili. Huyu mama hakuwepo?"

"Alikuwepo."

"Basi umemsahau." Akavuta kibodi, akaanza kuandika jina.

"Toa," Thadeo alisema. Hakupaza sauti, lakini alinyoosha mkono kama mtu anayezuia mtoto asiguse jiko. "Toa hilo jina, mama. Tafadhali."

Mama Samira alilitoa, herufi kwa herufi. Kisha aliegemea kiti, akakunja mikono. "Nimesahihisha barua nyingi mezani hapa. Ukiwashukuru wawili ukamruka wa tatu, huyo wa tatu ndiye atakayekunyima. Alikukosea nini?"

"Hajanikosea. Mimi ndiye nimemkosea."

Na hapo, polepole, akiangalia mlango muda wote, Thadeo alieleza yaliyotokea Jumanne.

Aliingia chumba cha usaili akiwa amejiandaa kwa maswali. Watu watatu walisimama nyuma ya meza kumpokea. Alimpa mkono Shamsudin, kijana wa pwani mwenye tai nyembamba. Alimpa mkono Hamim. Alipomgeukia wa tatu, aliiona sura ambayo alikuwa ameiona mara nyingi kwenye simu ya mkewe. Gati alikuwa na picha ya mama yake mdogo, aliyeishi Mwanza miaka mingi na kufanya kazi hotelini, picha ya sherehe fulani, amevaa kitenge cha zambarau na anacheka. Ndiye huyu. Mdogo wa mama mkwe wake, tumbo moja. Thadeo hakuwa amewahi kukutana naye, nyumbani alimsikia akiitwa mama mdogo tu, na hakuna aliyemwambia kuwa amerudi Mara. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka. Akaurudisha.

"Mtu hampi mkono mama mkwe," Thadeo alisema. "Wala hamtazami usoni. Wala halitaji jina lake. Na mdogo wa mama mkwe ni mama mkwe. Ukikutana naye njiani unaacha njia."

"Na yeye hakukujua?"

"Hanijui. Alikuwa Mwanza tulipooana. Jina langu kwake ni jina tu, akina Nyamhanga ni wengi kama mihogo."

Basi mama yule alibaki na mkono wake hewani, akaushusha, akakaa. Walipoanza kuuliza, Shamsudin aliuliza, Thadeo akajibu vizuri. Hamim aliuliza, akajibu vizuri zaidi, mpaka Hamim akatabasamu. Mama akauliza kuhusu sabuni na dawa za usafi, zinatunzwaje zisichanganyike na vyakula, na Thadeo akamjibu Hamim. Akauliza tena. Thadeo akaujibu ukuta. Mwishowe mama akasema, "Baba, mbona hunitazami? Idara yangu ina wanawake wengi. Watakuja dirishani kwako kila siku." Na Thadeo, jasho likimteremka ndani ya shati, alisema, "Naona vizuri tu, mheshimiwa," huku akikitazama kikombe cha Shamsudin.

"Yallah," Mama Samira alisema taratibu. "Wamekuona una dharau."

"Wameniona jeuri. Na mwizi, pengine. Asiyemtazama mtu usoni, stoo wampe ya nini?"

"Kwa nini hukusema pale pale?"

"Ningesemaje? 'Huyu ni mkwe wangu', mbele yake? Hiyo nayo ni kumtaja." Akapangusa uso kwa kiganja. "Na kuna lingine. Kabla ya kuingia, mlangoni, tulijaza fomu. Swali moja lilisema, je, una ndugu au mkwe anayefanya kazi katika kampuni hii? Niliandika hapana. Nikatia sahihi. Kisha nikaingia, nikamkuta."

Mama Samira aliweka kalamu mezani. Mashine ya kopi ilikuwa ikinguruma peke yake pembeni kama paka. Kwao Tanga, mkwe aliheshimiwa, lakini alipewa mkono na chakula, na mambo yakaisha. Hata hivyo alikuwa ameishi Tarime vya kutosha kujua kwamba si kila asichokielewa ni upuuzi.

"Basi tufanye rahisi," alisema. "Tuondoe majina yote. Tuandike, 'Kwa wajumbe wote wa jopo la usaili'. Yumo, na hukumtaja. Barua inakuwa safi, hakuna wa kusema umemruka."

Alichapa. Ilikuwa kweli safi. Mistari yote ilikaa mahali pake, kila h ilikuwa nyumbani, na *jukumu* lilisimama pale palipokuwa na *kuwajibishwa*. Mama Samira aliisoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa hatua yake ya mwisho, masikio baada ya macho. Thadeo alisikiliza kama anayesomewa habari za mtu mwingine, mtu mwenye adabu na miguu mikavu.

"Nitume?"

Thadeo aliitazama karatasi. Alikuwa anasikia uchovu ukipanda kutoka magotini, ule wa zamani, aliouzoea tangu machimboni. Alijua kujificha. Alikuwa amewahi kujificha kutoka kwa walinzi, kutoka kwa wenye madeni, kutoka kwa vumbi lenyewe kwa kitambaa mdomoni. Alijiona akiipata kazi kwa barua ile, kisha siku moja Gati akimwambia mama yake kwa furaha, mama akimwambia mdogo wake, na yule mama akifungua faili na kukuta sahihi chini ya neno *hapana*. Alijiona pia akiikosa, yule mama akibaki maisha yake yote akiamini kwamba mume wa Gati ni mtu asiyesalimia wanawake. Hakujua lipi lingemchosha zaidi.

"Usitume," alisema. "Ongeza."

"Niongeze nini?"

"Nitasema, wewe andika. Usiipambe."

"Huwa sipambi. Nasahihisha."

Alisema polepole, akisimama kila mara kuvuta pumzi, na Mama Samira aliandika kama anavyosema:

*Mmoja wa wajumbe wa jopo ni mdogo wa mama mkwe wangu. Sikujua kabla ya kuingia, na yeye hanifahamu. Sikumpa mkono wala kumtazama kwa sababu ya heshima ya ukwe katika mila yetu, si kwa dharau. Namwomba radhi. Kwenye fomu niliandika kuwa sina ndugu wala mkwe kazini. Naomba mrekebishe jibu hilo.*

Mama Samira alisoma mistari hiyo kutoka chini kwenda juu. Kalamu yake haikugusa karatasi.

"Hakuna kosa," alisema. "Lakini nikuambie kama mama yako. Hiyo ya fomu inaweza kukutoa. Heshima ya ukwe wataielewa. Fomu ni fomu. Ukiiacha, hakuna atakayeitafuta."

"Najua."

"Nikuachie hiyo ya heshima tu?"

"Mama Samira, mwenye duara hakuchukua hata tochi bila sahihi. Leo sahihi yangu mwenyewe niiache imelala na uongo?"

Mama Samira alivua miwani, akaifuta kwa pindo la ushungi. "Haya. Kichwa cha barua tuweke nini? Hapa juu umeacha wazi."

"Weka 'Shukrani'."

"Tuweke 'Shukrani na marekebisho, Thadeo Nyamhanga'. Wasije wakaisoma nusu." Akalinganisha anwani herufi moja moja na karatasi ya wito, maana barua nzuri iliyokwenda kwa anwani mbaya ni sawa na kupiga kelele kisimani. Akabonyeza. Ilikwenda bila sauti. Thadeo alishangaa kwamba jambo zito namna ile linaondoka bila hata kishindo cha jiwe.

Siku ziliburuta miguu. Aliirudishia mihogo magugu yake, kwa maana hakuyapalilia, na magugu hayakumwuliza kitu. Rubeni alikuja kuulizia viatu, akaona sura ya mwenzake, akajifanya amekuja kuazima jembe. Gati alipoambiwa habari yote alikaa chini kwenye kizingiti, akaweka mkono mdomoni.

"Mama mdogo yuko kambini na mimi sijui?"

"Kumbe ulikuwa hujui?"

"Kwenye simu anasema tu yuko kazini. Mimi nikadhani Mwanza." Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ukaujibu ukuta, Baba Kisyeri?"

"Ulikuwa ukuta msikivu."

"Nimpigie nimweleze?"

"Usimpigie. Ukimpigia tutakuwa tumemwendea mlango wa nyuma."

Gati hakupiga. Simu ilikaa kwenye rafu, naye alipita karibu yake akifagia kana kwamba ni yai.

Jibu lilikuja asubuhi ya jua. Mama Samira alimtuma mtu wa bodaboda aliyekuwa anaelekea upande huo, na Thadeo alikuja kwa miguu, akiwa amevaa ndala zake mwenyewe.  Mama Samira aligeuza kioo cha kompyuta kumwelekea.

Shamsudin aliandika kwamba barua imepokelewa na kusomwa na jopo. Kwamba mjumbe husika amejiondoa katika kumpima mwombaji huyu, na alama alizotoa zimefutwa. Kwamba jibu la fomu limerekebishwa na maelezo yamewekwa kwenye faili. Kwamba nafasi ya mtunza stoo imekwishapata mtu mwenye alama za juu, ila nafasi ya msaidizi wake iko wazi, na kama Ndugu Nyamhanga bado anataka, afike Jumatatu aulizwe na wajumbe wawili. *Tunashukulu kwa ukweli wako*, iliisha.

Mama Samira alikuwa ameshika kalamu nyekundu, anaizungusha.

"'Tunashukulu'," alisema. "Ofisa utumishi mzima, tena mtoto wa pwani."

"Mwache, mama."

"Nimemwacha. Ila inaniwasha."

"Kwa hiyo si kazi niliyoomba," Thadeo alisema.

"Si hiyo."

"Ni kubeba, siyo kutunza."

"Ni kubeba ndani ya nyumba yenye paa, baba. Mvua ikinyesha unaisikia tu."

Thadeo alisimama, mkono mmoja kwenye meza. Alijaribu kutafuta furaha, akakuta kitu kidogo zaidi na kizito zaidi, kama mtu aliyetafuta madini akapata jiwe zuri la kuegemezea mlango. Aliaga. Njiani alipita kwa Rubeni kuomba viatu kwa Jumatatu, akakumbuka kwamba bado hajavirudisha.

Kazi aliipata. Alianza kama msaidizi, akibeba magunia ya mchele na madumu ya sabuni, na mtunza stoo alipohamia Mugumu baada ya mwaka, Hamim hakutangaza tena nafasi. Walimkalisha kwenye kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya, naye alikipenda kimya kimya.

Na yule mama aliendelea na idara yake, upande wa pili wa ua. Wafanyakazi wapya waliamini kwamba wawili hao wana ugomvi wa siku nyingi. Mama akitokea kwenye kona, Thadeo aliacha njia, akageukia ukuta kama anayekagua nyufa. Mama naye alijifunika pindo la kitenge shavuni na kupita kwa hatua za haraka. Hawakuwahi kuzungumza. Akitaka kitu stoo alimtuma msichana wa jikoni, na msichana alikuwa akisimama dirishani akisema, "Mama amesema ile dawa ya sakafu ya juzi ilikuwa nzuri, umshukuru aliyeichagua," wakati aliyeichagua ni yeye Thadeo, na mama alijua. Siku moja, Gati alipojifungua mtoto wa mwisho, kitenge cha zambarau kilifika nyumbani kwao hakina salamu wala jina la aliyekituma.

Kila jioni Thadeo alipanga hati za kutolea vifaa, zile za jiko, zile za kufulia, zile za usafi. Hamim alipenda asomewe kwa sauti kabla ya kufunga. Thadeo alisoma majina yote ya waliotia sahihi, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yake yenye vumbi. Akifika kwenye zile zilizosainiwa *Agustina*, macho yake yalilisoma jina mpaka mwisho, na mdomo ukasema:

"Na ya idara ya usafi."

Hamim, ambaye alikwishazoea, aliitikia kwa kichwa na kuweka alama.

Kisha Thadeo alifunga stoo, akajaribu kufuli mara mbili, akaketi kidogo kwenye kiti cha waya kuyapumzisha magoti kabla ya safari ya nyumbani. Kwa mbali mawe yalikuwa yanasagwa kwenye makarasha, zile mashine za wachimbaji wadogo, kama yalivyosagwa alipokuwa kijana, na vumbi lilikuwa linapanda.